Orodha ya Extension na Aya ya Asubuhi

Katika ofisi yetu ya Kitui kazi haikuanza kabla ya Neno, na Neno halikuanza kabla kompyuta ya mapokezi haijawaka. Mama wa mapokezi alifungua kivinjari, na ukurasa wa kwanza uliotokea ulikuwa picha ya mlima wenye ukungu, mlima wa nchi za watu, na juu yake aya ya siku. Aliisoma kwa sauti, akaifafanua kidogo, akaomba, wenzangu wakasema amina. Kisha tukaanza kushughulikia ndengu.

Chama chetu cha ushirika kinanunua ndengu, yaani choroko, kutoka kwa wakulima na kuziuza kwa wafanyabiashara wakubwa. Kina matawi Matinyani, Kyuso na Mbumbuni, na tangu kilipoungana na wenzetu wa upande wa Makueni, meneja wa IT akakaa mjini Wote. Mimi nilikuwa msaidizi wake wa upande wa Kitui, kwa mkataba wa muda. Niliunganisha printa, nilifufua kompyuta zilizokunywa chai, na niliambiwa kila msimu kwamba mkataba wangu utaangaliwa. Uliangaliwa kweli, kama watu wanavyoangalia mawingu ya Oktoba.

Nilikuwa pia Mwislamu pekee katika jengo lile. Babu wa babu yangu alikuja Kitui na biashara zake, akaoa hapa, akazikwa hapa, na sisi wote tuliofuata tukazaliwa hapa. Kikamba nakisema bila kufikiri. Hata hivyo, sikumaliza mwezi bila mtu kuniuliza kwetu ni wapi, na nikijibu Kitui ananiuliza, "Hapana, kwenu kwenu?" Wageni walinitazama mtandio wakaniuliza kama Mombasa kuna joto sana siku hizi. Niliwajibu kwamba nasikia hivyo, maana nami nasikia tu. Nilicheka nilipojibu, lakini nilichoka, na nataka niseme wazi kwamba nilichoka.

Wakati wa ibada nilisimama na wenzangu, mikono nimeifumbata, nikakaa kimya kwa heshima. Hakuna aliyenikera. Kulikuwa na zamu ya kuongoza ibada, imebandikwa karibu na mtungi wa maji, na jina langu halikuwamo. Nililiona hilo kuwa haki kabisa, na bado kila nilipokwenda kunywa maji niliisoma ile zamu hadi mwisho.

Basi siku moja kompyuta ya mhasibu ilianza kumpeleka mahali pasipojulikana. Akitafuta bei ya magunia, anapelekwa kwenye kamari. Akitafuta fomu ya kodi, kamari. Mhasibu ni shemasi, na alikuja kwangu akiwa amejifunika uso kwa faili.

"Mimi sijawahi bonyeza hiyo kitu," akaniambia. "Uambie meneja hivyo. Ata kama ni kuapa nitaapa."

Nilimwambia meneja. Meneja naye, ambaye ni mzee wa kanisa kule Wote na mtu mpole sana hadi unapomtajia bajeti, akaniambia kompyuta zote zilikuwa zimesajiliwa zamani kwenye paneli ya usimamizi wa kivinjari. Kazi ya kusajili ilifanyika vizuri. Ila baada ya kusajili hakuna aliyewahi kuifungua paneli ile kutazama ilichokuwa inasema.

"Wewe angalia hiyo report," akasema kwenye simu. "Halafu niandikie proposal. Tuwe na list ya extension zenye zimekubaliwa, hizo zingine zote tufunge. Na rollout plan. Ukifanya hiyo vizuri, tutaongea mambo ya mkataba."

Kwa asiyejua, extension ni kijiprogramu kinachobandikwa kwenye kivinjari ili kikiongezee uwezo. Kimoja kinazuia matangazo, kingine kinatunza nywila, kingine kinakuza maandishi kwa mwenye macho mazito. Kila kimoja kinaomba ruhusa kinapoingia. Kuna kinachoomba kidogo, na kuna kinachoomba kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote unazofungua. Hayo ndiyo maneno yenyewe, yameandikwa wazi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyeyasoma kabla ya kubonyeza.

Nilifungua ripoti. Mwanzoni nilicheka. Kijana wa mauzo alikuwa na extension ya kugeuza mshale wa kompyuta kuwa ua. Mtu fulani Kyuso, ambako mtandao wenyewe unakuja kama mgeni wa harusi, alikuwa na tatu za kupakua video. Kulikuwa na VPN za bure, za kukwepa vizuizi vya mtandao, zilizoingia msimu wa mpira. Kulikuwa na ya kutafuta kuponi za punguzo kwenye maduka ya Amerika, na mpaka leo sijui nani Matinyani alikuwa ananunua nini Amerika. Iliyompeleka shemasi wetu kwenye kamari ilikuwa ya kubadilisha PDF, na kiapo chake kilikuwa cha kweli.

Kisha nikaona moja iliyokuwa kwenye kila kompyuta isipokuwa yangu, matawi yote. Ilikuwa ile ya aya ya siku.

Ilifikaje kote? Kwa utaratibu wetu wenyewe. Ofisi ilikuwa na akaunti moja ya barua pepe, na kila kompyuta mpya iliingizwa kwa akaunti hiyo hiyo, kwa sababu nywila ilikuwa imeandikwa kwenye kalenda na kila mtu aliijua. Sisi tunaita hiyo kusaidiana. Kivinjari kikiingizwa kwa akaunti moja kinasawazisha kila kitu, hata extension. Mama wa mapokezi alipoibandika kwake, aya ikatokea Mbumbuni asubuhi iliyofuata, na watu wa Mbumbuni wakaipokea kuwa ni muujiza.

Nilifuatilia historia yake. Ilianza kama kitu kisafi: ilibadilisha ukurasa mpya tu, ikaweka picha na aya. Baadaye mwenyewe akaiuza, au akaiacha, sikuweza kujua. Jina la mchapishaji lilibadilika, tovuti yake ikawa ukurasa mtupu. Toleo jipya likaja likiomba ruhusa zaidi, ile ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote. Hapo kivinjari kilifanya kazi yake: kikaizima, kikauliza kila mtu kama anakubali. Na kila mtu, kutoka Kyuso hadi Mbumbuni, alikubali. Nani angebonyeza kukataa Neno la Mungu saa mbili asubuhi?

Nilishtuka kwa sababu malipo ya wakulima wetu yanafanyika ndani ya kivinjari hicho hicho, kwenye tovuti ya benki. Extension yenye ruhusa hiyo inaweza kuona kinachoonekana pale. Sikusema inaiba. Nilisema inaweza, na hatujui mwenyewe ni nani. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na walisema kabla hawajaona kivinjari.

Niliandika ujumbe. Niliuandika kwa Kiingereza, maana ofisini kwetu hata kuomba ruhusa ya mazishi kunaandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili ulisema hivi:

"Bwana Meneja, naomba kupendekeza orodha ya extension zilizoidhinishwa na mpango wa kuitekeleza.

Kanuni: kila kitu kimezuiwa isipokuwa kilichomo kwenye orodha. Kila extension ijibu maswali haya: inafanya kazi gani ya ofisi, mchapishaji wake ni nani, inaomba ruhusa gani, data inakwenda wapi, na nani kati yetu anawajibika nayo.

Za kusakinishwa kwa lazima kila mahali: kitunza nywila, ili tuache kalenda, na kizuia matangazo. Za kuruhusiwa kwa anayehitaji: kikuza maandishi, kwa mapokezi, na ile ya kuandaa mikutano ya video. Za kuzuiwa: zote zilizobaki, pamoja na za VPN, kuponi, PDF, mishale ya maua, na aya ya siku. Hii ya mwisho naijua inapendwa. Sababu yangu ni mchapishaji asiyejulikana na ruhusa ya kusoma kila tovuti, ikiwamo ya benki.

Utekelezaji: kwanza kuwatangazia watu, kwa sababu extension iliyozuiwa itazimika hata kama ilikuwa imeshaingia. Pili, majaribio Matinyani, ofisi ndogo iliyo karibu, ili kikiharibika kitu nifike mwenyewe. Tatu, Mbumbuni na Kitui. Kyuso ifuate baada yao, kwa ajili ya mtandao. Anayehitaji extension nyingine aombe kwa barua pepe, ajibiwe kabla ya wiki kwisha. Tukikwama, tunalitoa tawi kwenye kikundi kinachopokea sera hii na mambo yanarudi yalivyokuwa. Nne, kila mtu apate akaunti yake."

Niliusoma tena, nikaona sina kosa, nikautuma. Nilijivunia sana. Meneja naye, kwa upole wake wote na bila hila yoyote, aliusambaza kwa wafanyakazi wote, akaongeza mstari mmoja juu: "Kwa maoni yenu."

Sitasahau chai ya saa nne siku hiyo. Chai ilikuwa ile ile, maandazi yale yale, lakini nilipoingia jikoni mazungumzo yalizimika ghafla. Kijana wa mauzo alikuwa anaombolezea ua lake. Wengine walinitazama kwa huruma, na huruma ya ofisi ni mbaya kuliko hasira.

"Kwa hivyo," mhasibu akaanza, akikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari, "wewe umeona ni Neno ndio inaleta virus?"

"Si Neno," nikasema. "Ni yule anayeileta."

"Analeta Neno."

"Analeta Neno na mkono wake uko kwenye account ya benki."

"Mimi nilikuwa napelekwa kamari, haukusema ni mkono wa mtu. Ulisema ni PDF."

"Ni kitu kimoja hiyo, shemasi."

"Neno na kamari ni kitu kimoja?" akauliza, na vijiko vyote vikasimama vikombeni.

Hapo nikajua nimepotea. Mama wa mapokezi aliweka andazi lake chini. Alikuwa mwanamke mkubwa, mjane, sauti ya chini, aliyekuwa katika chama hicho tangu kilipokuwa meza moja chini ya mabati. Ndiye aliyeniwekea chakula siku nilipochelewa, na ndiye aliyewakumbusha wenzangu mwezi wa Ramadhani wasinipitishie sambusa mbele ya pua. Siku zote aliniita mwiitu wakwa, binti yangu. Siku hiyo alinitazama akasema taratibu, "Hiyo aya haijawahi kukukosea." Akachukua kikombe chake akaenda.

Hilo ndilo lililoniuma. Hawakunichukia, chuki ningeiweza, nina ulimi. Walianza kuniombea. Asubuhi iliyofuata ombi la ibada lilikuwa refu kidogo, na mlikuwa na mtu ambaye moyo wake ungefunguliwa, mtu wa karibu, mtu aliye hapa hapa katikati yetu. Wote walifumba macho ili wasinitazame, na nilihisi wananitazama kwa kope. Mtu mmoja alimuuliza mwenzake koridoni, kwa sauti ya kunong'ona ya Kikamba, kama watu wa kwetu huko Mombasa ndivyo walivyo. Alisahau kwamba nasikia Kikamba, au pengine alifikiri cha kwangu ni cha kukodi.

Jibu la meneja lilifika kabla ya wiki kwisha, kama nilivyopendekeza. Alinisifu kwa kazi safi. Alikubali orodha, alikubali kanuni, alikubali Matinyani iwe ya kwanza. Badiliko lake lilikuwa moja. Kwa kuzingatia maoni ya wafanyakazi, aliandika, ile ya aya ya siku inatolewa kwenye za kuzuiwa na kuwekwa kwenye za kusakinishwa kwa lazima, matawi yote, mara moja.

Naomba msomaji aelewe uzito wa jambo hilo. Extension iliyosakinishwa kwa lazima na msimamizi haiombi ruhusa kwa mtu. Inapewa ruhusa zote inazozitaka, za leo na za kesho, bila kuuliza. Mtumiaji hawezi kuiondoa. Kitufe cha kuondoa hakipo. Nilikuwa nimejenga ukuta wa kuizuia, na ukuta huo sasa ulikuwa unaishikilia isianguke. Nilifungua kompyuta yangu mwenyewe, ambayo sikuwahi kuiingiza kwenye ile akaunti ya kalenda, na mlima wa ukungu ukanitazama. Pembeni iliandikwa kwamba imewekwa na msimamizi wako. Nilicheka peke yangu hadi machozi yakatoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Nilimpigia. Nilimwambia kuhusu ruhusa. Nilimwomba hata kama inabaki, basi tuizuie isifanye kazi kwenye tovuti ya benki, jambo ambalo sera inaliruhusu.

"Hiyo ni sawa, tutaangalia," akasema. "Lakini wewe pia, jaribu kuelewa watu. Mkataba wako uko kwa board mwisho wa mwezi. Sitaki mtu aseme msichana wa upande ule alikuja akatoa Neno kwa ofisi. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Alikuwa ananilinda, na maneno aliyotumia kunilinda ndiyo yaliyonikata. Nilitaka kumuuliza upande ule ni upande upi, maana nyumbani kwetu ni nyuma ya soko, anaweza kufika kwa miguu. Nilisema asante.

Kwa hiyo Matinyani ikaenda vizuri, kila kitu kilichopaswa kuzimika kikazimika, na kila asubuhi nikasimama mbele ya mlima ule nikiwa kimya, mimi niliyeulinda kwa sera yangu.

Ikafika asubuhi moja ya Jumatatu. Jumatatu ibada ilikuwa ya matawi yote kwa video, na meneja mwenyewe ndiye aliyehubiri kutoka Wote. Mama wa mapokezi akakuza maandishi kwa kile kikuzaji chake kilichoidhinishwa, akasoma. Aya ilisema mlango uliofungwa utafunguliwa kabla ya msimu kwisha, nawe utapewa mkopo wa neema pasipo mdhamini. Kiswahili chake kilikuwa kimekwaruzika, lakini Maandiko nayo yana Kiswahili chake kigumu, na hakuna aliyeshtuka. Chini ya aya kulikuwa na kitufe cha kijani cha kupokea, kama cha wakopeshaji wa mtandaoni. Kisha akasoma ilikotoka: ile barua fupi ya mtume ya kumwombea mtumwa aliyetoroka, sura ya tatu.

Meneja akaichukua hapo. Alihubiri vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema neema ni mkopo ambao mwenye kukopesha hadai riba. Alisema wakulima wetu wanajua maana ya mdhamini, na ni nani leo hana mdhamini? Kyuso wakapiga makofi, mtandao ukayaleta makofi yao baada ya sala kwisha.

Mimi nilikuwa nimeganda. Nilisoma sekondari ya wasichana ya kanisa, hapa hapa Kitui. Waislamu tulikuwa wachache, mwalimu wa dini yetu hakuwepo, tukafanya mtihani wa dini yao. Barua ile tuliipenda wote kwa sababu ilikuwa rahisi kukariri. Ilikuwa na sura moja tu. Sura ya tatu haikuwepo, wala ya pili.

Ningeweza kuinua mkono. Nakiri nililitamani jambo hilo kwa utamu mkubwa: mbele ya matawi yote, mbele ya shemasi wa kamari, kusema kwa sauti ya upole, samahani Bwana Meneja. Lakini mkubwa hasahihishwi mbele ya watu, hilo tulifundishwa sote, msikitini na kanisani. Na nani angemsamehe msichana wa upande ule? Nilisema amina kimoyomoyo kwa mara ya kwanza, nikasubiri chai.

Mama wa mapokezi alikuwa jikoni peke yake, anamimina maji ya moto kwenye chupa. Nilimwomba anionyeshe ile sura, nimeipenda.

Alinitazama kwa furaha ambayo iliniaibisha. Alidhani maombi yamejibiwa. Alifuta mikono, akatoa kwenye mkoba kitabu chake cha Kikamba, kimejaladiwa kwa karatasi ya khaki kama cha mtoto wa shule, akavaa miwani. Alikijua kama mtu anavyojua njia ya shambani. Alifika kwenye barua ile bila kutafuta, akapitisha kidole, akafika mwisho wa ukurasa. Akafunua. Barua nyingine ilikuwa imeanza.

Alirudi. Akalamba kidole, akaikunja pembe ya karatasi, akaanza kuisugua kuona kama kurasa mbili zimegandana. Alijaribu kwa kucha. Aliinua ile karatasi moja kuelekea dirishani, akaitazama mwanga ukipita. Sikuweza kumsaidia na sikuweza kuondoka. Nilimpenda mno wakati ule, na nilitamani kurasa ziwe zimegandana kweli.

Mwishowe akavua miwani.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna, Mama."

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Tulisoma shuleni."

"Na ukanyamaza pale mbele ya watu."

"Ningesemaje, Mama?"

Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Chupa ilikuwa bado wazi, inafuka mvuke, nikaifunga.

"Sasa mwiitu wakwa," akauliza, "hiyo tumesoma leo, ni nani ameandika?"

"Sijui. Hakuna mtu anajua. Ndio huyo nilikuwa nasema kwa ile barua. Na ndio huyo tumempa ruhusa ya kusoma kila kitu yetu, mpaka benki."

Hakuniuliza tena kuhusu ruhusa wala mchapishaji. Nilikuwa nimeandika maswali matano kwa Kiingereza safi, na yeye alihitaji karatasi moja iliyonyooshwa dirishani. Alichukua simu yake akampigia meneja. Ndipo nilipojua kitu ambacho hakikuwa kwenye ripoti yoyote: alikuwa amemfundisha Sunday school, meneja yule, akiwa mtoto wa kaptula. Alizungumza naye Kikamba. Hakupaza sauti. Alimwambia afungue kitabu chake, si simu, kitabu, amsomee sura ya tatu. Halafu akangoja. Nilisikia kutoka upande wa pili karatasi zikifunuliwa, kisha zikifunuliwa kwa kurudi nyuma, kisha zikisuguliwa.

"Sasa toa," akamwambia, akakata.

Nilirudi mezani kwangu. Sera inachukua muda kidogo kufika, hasa Kyuso, lakini Kitui haikuchelewa. Nilifungua ukurasa mpya, na mlima ukawa umeondoka. Palibaki ukurasa mweupe wenye kisanduku cha kutafutia, mtupu na mtulivu.

Baadaye meneja alituma ujumbe kwa wote kwamba, baada ya maombi na tathmini ya kina ya kiusalama, ofisi yake imegundua kasoro. Hakutaja imegunduliwa na nani, nami sikutarajia. Shemasi alinifuata akaniambia yeye alikuwa na wasiwasi na ile kitu tangu zamani. Nilimwambia nilimwona akiwa na wasiwasi. Nywila za benki zilibadilishwa siku hiyo hiyo, kalenda ikateremshwa ukutani, na kila mtu akapata akaunti yake, watu wakilalamika kwamba siku hizi hakuna kusaidiana.

Ibada ilibaki na tatizo. Aya ya siku itoke wapi? Kila mmoja akipendekeza programu fulani, Mama wa mapokezi alimuuliza, "Nani ameandika hiyo?" na mtu akarudisha simu mfukoni. Mwishowe akasema itatoka kitabuni, kama zamani, na aya isisomwe kabla mtu hajahakiki kwamba ipo. Na mtu huyo, akasema, awe yule aliyehakiki ile sura ya tatu, akanielekezea kidole.

Mwisho wa mwezi meneja aliniletea orodha ya mwisho niipitie. Kitunza nywila kilikuwepo, kizuia matangazo, kikuza maandishi. Chini kabisa alikuwa ameongeza mstari, kwa utaratibu ule ule niliopendekeza: kazi, mchapishaji, ruhusa, data, anayewajibika. Kazi: aya ya asubuhi. Mchapishaji: MUNGU, kwa herufi kubwa, na sikuthubutu kumuuliza zaidi. Ruhusa: hakuna. Data: haiendi popote. Anayewajibika: jina langu. Mkataba mpya ulikuwa umebanwa nyuma yake kwa kipini.

Siku hizi nafika mapema kuliko wengine. Mama wa mapokezi ananipa kitabu chake cha khaki na kikaratasi chenye aya aliyoichagua, nami naitafuta, naihakiki sura na mstari, naweka tiki. Juzi mnunuzi mmoja mgeni alitukuta katika kazi hiyo. Alitazama mtandio wangu, akatazama kitabu mikononi mwangu, akachanganyikiwa, akageukia aliyemzoea.

"Huyu dada ni wa wapi?" akauliza.

Mama wa mapokezi alikuwa anatafuta miwani yake. Hakuinua hata kichwa.

"Wa hapa," akasema. "Ngoja amalize, ndio tuanze."